Mstari wa nywele mbele: kuushusha au kuuacha juu?

Tuchukue kijana wa Mtwara mjini, miaka 28, nywele zimerudi nyuma pembeni mwa paji. Akitaka kupandikiziwa nywele hadi mstari wa utotoni, eneo la kujaza ni kama sentimita za mraba 70. Kwa vipandikizi 35 vya nywele kila sentimita ya mraba, vinahitajika 2,450 kutoka kisogoni, na palipong'olewa hapaoti tena. Upara ukifika utosini akiba ya kisogoni imepungua, mbele kumebaki kisiwa cha nywele. Mstari wa juu kidogo, sentimita za mraba 40, unatumia 1,400 tu. Sisi tungechagua huu. Ujazo ni takriban nusu ya asili, ila nywele za kipilipili hufunika vizuri. Kote kuwili, zilizopandwa hupukutika wiki za mwanzo (usishtuke), huanza kuota mwezi wa 3 au 4, na hukamilika karibu na wa 12.