Kanuni ya Bayes au kuhesabu vichwa?

Mtu akipata jibu chanya kwenye kipimo, kuna uwezekano gani kwamba ni mgonjwa kweli? Swali hili unaweza kulifundisha kwa kanuni ya Bayes, yaani fomula ya kugeuza uwezekano, au kwa kuhesabu vichwa. Tuseme kati ya watu 1,000, wagonjwa ni 10. Kipimo kinawanasa 9, lakini kinawasingizia 99 kati ya wazima 990. Ukihesabu vichwa, majibu chanya ni 108, wagonjwa wa kweli 9 tu: kama asilimia 8. Anayejibu asilimia 90 amegeuza P(chanya|mgonjwa), uwezekano wa mgonjwa kupata jibu chanya, kuwa P(mgonjwa|chanya), uwezekano wa mwenye jibu chanya kuwa mgonjwa, na hapa kosa lake analiona mwenyewe.

Kanuni inatoa jibu lilelile, ila wengi husahau kuwaweka wazima kwenye kigawanyo. Inashinda kipimo kinaporudiwa: asilimia 8 inakuwa mwanzo mpya badala ya asilimia 1, mradi makosa ya vipimo viwili hayategemeani (mara nyingi yanategemeana!). Kwa darasa la wauguzi ningehesabu vichwa. Kwa wanaoandika programu, kanuni.