Programu ya kuonyesha aliyetembelea ukurasa wako wa Instagram: uzoefu wangu wa siku tisa

Ninauza vitenge kupitia Instagram, na kwa muda mrefu kuna namba moja iliyokuwa ikininyima raha. Akaunti ya biashara huonyesha ukurasa umetembelewa mara ngapi, lakini haitaji jina la mtembeleaji hata mmoja. Wiki moja nilihesabu ziara 214 na oda 3 tu, nikabaki kujiuliza hao wengine ni akina nani na kwa nini wanapita kimya. Kwa hiyo tangazo la programu iliyoahidi kunitajia majina liliponifikia, lilinikuta nimeshalainika.

Kuipakua ni bure. Ilinitaka niandike jina na nenosiri langu la Instagram ndani ya kidirisha chake yenyewe, ambacho hakikuonyesha anwani ya tovuti mahali popote, hivyo sikuwa na namna ya kujua nenosiri linakwenda kwa nani. Niliandika hata hivyo, jambo ambalo nisingemruhusu mdogo wangu alifanye. Baada ya kama dakika moja zikatokea picha kumi na mbili zilizotiwa ukungu, pamoja na maneno kwamba hao wamenitembelea siku ile. Kuondoa ukungu ni shilingi 9,500 kwa wiki, nami nikalipa.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa wifi yangu. Ilikuwa Alhamisi, na simu yake ilikuwa kwa fundi tangu Jumatatu. Nilipompigia kaka, wifi mwenyewe akanihakikishia kwamba hajaingia Instagram kwa simu ya mtu mwingine yeyote. Nikaamua kuipima programu hiyo badala ya kuiamini. Nilimwomba binamu yangu, ambaye hanifuati, afungue ukurasa wangu asubuhi na jioni kwa siku tatu bila kupenda picha wala kuandika neno. Hakutokea kwenye orodha hata mara moja. Siku ya nne nikamwambia apende picha moja tu ya kitenge, na jioni ile ile akawa wa pili, tena kwa cheo cha mtembeleaji sugu.

Jaribio lililomaliza ubishi lilikuwa rahisi zaidi. Nilizima Wi-Fi, nikaiweka simu katika hali ya ndegeni, kisha nikaifungua programu. Ikanitangazia kwamba kuna mtu ametembelea ukurasa wangu dakika 2 zilizopita. Kwa simu isiyo na mtandao wowote, habari hiyo ingeletwa na nani?

Ukifuatilia inavyofanya kazi, unaona kwamba isingeweza kufanya vingine. Kumbukumbu za nani amefungua ukurasa wa nani zimo katika seva za Instagram, na Instagram haimwonyeshi mwenye akaunti majina hayo wala haiyatoi kwa programu za nje. Programu inayoingia kwa nenosiri lako huona kile tu unachokiona wewe: wafuasi wako, waliopenda picha, walioandika maoni na waliotazama stori. Inawachanganya watu hao, inawapanga kwa hesabu zake, kisha inawaita watembeleaji. Ndiyo maana wengi huiamini, kwa sababu orodha hujaa majina ambayo tayari unayashuku.

Majina ya kweli utayapata kwenye stori tu, ambako unaweza kuona waliotazama hadi saa 48 tangu uiweke, lakini kutazama stori si kufungua ukurasa. TikTok na LinkedIn zina huduma zao za kuonyesha waliotembelea wasifu, nazo zina mipaka: TikTok hukuonyesha wale tu ambao nao wameiwasha huduma hiyo, na LinkedIn humruhusu mtu kupita bila kutajwa jina. Huduma zote mbili zimo ndani ya mitandao yenyewe, na hakuna anayekuomba nenosiri upya kupitia kwa mtu wa tatu.

Siku ya tisa niliifuta, na hapo nikajifunza la ziada: kufuta programu hakusitishi malipo. Ilinibidi niingie Play Store, nibonyeze picha yangu, niende kwenye sehemu ya malipo na usajili, na kuukatisha usajili huko. Kisha nilifungua mipangilio ya Instagram, sehemu iliyoandikwa `Where you're logged in`, nikakuta kifaa nisichokijua kimeingia kwenye akaunti yangu kutoka mji ambao sijawahi kufika. Nilikitoa, nikabadilisha nenosiri na kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. Binamu yangu, kwa upande wake, ameshanunua kile kitenge alichokipenda kwa ajili ya jaribio.