Divai hii ni ya nchi gani? Daraja kwanza, namba ya mjazaji baadaye

Jina la Kifaransa na mchoro wa kasri mbele ya chupa si ushahidi kwamba divai imetoka Ufaransa. Kwa chupa za Umoja wa Ulaya, anza kwa kutafuta kiwango cha kileo, kile kinachoandikwa kwa mfano 12,5% vol. Sheria inataka daraja la divai, nchi ilikotoka na aliyeijaza chupani vionekane upande huo huo, bila mtu kulazimika kuizungusha chupa. Mara nyingi upande huo ni ule unaodhani ni wa nyuma.

Nimezipanga chupa kwa kigezo kimoja: lebo inakupa uhakika gani kuhusu mahali zabibu zilikovunwa. Ladha ni habari nyingine.

Juu kabisa naweka divai zenye jina la eneo linalolindwa. Ufaransa huandika AOP au AOC, Italia DOC na DOCG, Hispania DO, Ujerumani Qualitätswein. Hapa zabibu zote lazima ziwe za eneo lililotajwa, na divai itengenezwe humo. Ukisoma Appellation Bordeaux Contrôlée, hujapata nchi tu, umepata na mkoa.

Zinafuata IGP, yaani divai zenye alama ya kijiografia inayolindwa, ambazo Italia bado huziita IGT na Ujerumani Landwein. Angalau 85% ya zabibu hutoka katika eneo lililoandikwa, na zinazobaki zinaweza kutoka nje ya eneo hilo lakini si nje ya nchi. Kwa hiyo kama shida yako ni kujua nchi tu, usilipe zaidi kwa ajili ya daraja la kwanza.

Nafasi ya tatu ni za Vin de France, Vino d'Italia na wenzake. Eneo hulijui, nchi unaijua. Msizidharau: wapo watengenezaji hodari wanaoshuka hadi hapa kwa hiari yao, kwa sababu aina ya zabibu wanayoipenda hairuhusiwi katika daraja la eneo lao.

Mwisho kabisa ni chupa inayosema imechanganywa kutoka nchi mbalimbali za Umoja wa Ulaya. Hiyo haina nchi moja, na hakuna namba itakayokupa.

Namba yenyewe ndiyo inayowapoteza wengi. Mjazaji anaweza kuandika namba ya usajili badala ya jina lake kamili. Ufaransa namba hiyo huanza na EMB, kisha tarakimu za wilaya na mji, Italia utaona ICQRF, Hispania R.E.; Ujerumani huanza na D na herufi za jimbo, kama D-RP kwa Rheinland-Pfalz. Zote zinasema divai ilijazwa chupani na nani, basi. Divai husafirishwa ndani ya matangi makubwa kuvuka mipaka na hata bahari, ikajazwe kwingine.

Chukua chupa ya kubuni. Mbele kuna kasri na maneno Sélection Spéciale, ambayo hayana uzito wowote kisheria. Nyuma, karibu na 12% vol, imeandikwa: Mélange de vins de différents pays de l'Union européenne. Mstari wa chini: Mis en bouteille par EMB 33, na tarakimu nyingine zinafuata. 33 ni Gironde, wilaya ya mji wa Bordeaux. Anayekimbilia namba atatangaza kwamba amepata Bordeaux ya bei nafuu. Aliyesoma daraja kwanza anajua kwamba kilicho cha Bordeaux hapo ni kazi ya kujaza tu. Tazama pia maneno hayo ya kujaza yanavyomalizikia: mis en bouteille au château humaanisha imejazwa shambani kwa mkulima, lakini dans nos chais ni "katika maghala yetu", na ghala linaweza kuwa popote.

Namba zilizo chini ya mistari myeusi inayosomwa na mashine kaunta nazo ziache. Zikianza na 30 hadi 37 zinaonyesha kampuni imesajili namba zake Ufaransa. Kuhusu shamba haziambii kitu.

Lebo nayo hudanganya. Mwaka 2018 idara ya Ufaransa inayolinda walaji, DGCCRF, ilieleza jinsi divai ya rangi ya waridi, yaani rosé, ya Hispania ilivyouzwa kama ya Kifaransa kwa mamilioni ya chupa. Baadhi ilikuwa ulaghai mtupu, ambao mnunuzi asingeweza kuugundua kwa macho. Lakini nyingine zilikuwa na nchi halisi kwa herufi ndogo nyuma, huku mbele kukiwa na mapambo ya Kifaransa. Hizo ndizo unazoweza kuzikamata mwenyewe, ukigeuza chupa kabla ya kufika kwa mwenye duka.