Kesi Ndogo, Kadi Yenye Moto: Tazama Chini ya Kadi Kwanza

Malalamiko ya wasomaji yamekuwa ya aina moja: "Dada, kesi ya kompyuta yangu ina feni sita na mataa, mbona kadi yangu ya picha, RTX 4080, inanguruma na mchezo unakwamakwama?" Nikiomba picha, nakuta feni za kadi zimebanana na kifuniko cha pawa saplai.

Feni za mbele kila mtu anazihesabu, kwa hiyo naziruka. Pimeni pengo la chini ya kadi. Nafasi moja ya kadi ni milimita 20 na kidogo, na kesi ya maikro-ATX ina nafasi nne, yaani kama milimita 81. RTX 4080 nene hufika milimita 70. Inabaki sentimita moja hivi, na chini yake bati lisilo na tundu. Feni za kadi huvuta hewa kutoka huko huko. Zikiikosa, zinarudia kuvuta hewa ya moto iliyotoka ubavuni. Hiyo ni kadi inayoweza kula wati 320.

Kama kesi mnayo tayari, chezeni mchezo mzito kwa nusu saa huku amri hii, inayoonyesha joto na kasi ya kadi, ikiendelea kwenye dirisha la amri pembeni:

```
nvidia-smi --query-gpu=temperature.gpu,clocks.sm --format=csv -l 5
```

Kisha ondoeni ubavu wa kioo, mrudie sehemu ileile ya mchezo. Joto likishuka nyuzi mbili tatu, kesi haina neno. Likishuka nane au zaidi na kasi ikapanda, kesi inaikaba kadi.

Kama bado mnanunua, chaguo langu la kwanza ni kesi ya Fractal Design Torrent Compact, na sifichi kwamba naipenda kampuni hii. Pawa saplai wameipandisha juu, hivyo sakafu yote ni ya hewa, na feni mbili za milimita 180 zinapuliza kutoka mbele moja kwa moja kuelekea kadi. Ni kubwa kuliko mbili zinazofuata, lakini hakuna inayoifikia kwa hewa.

Ya pili ni ASUS Prime AP201, lita 33, yenye pawa saplai mbele na wavu pande nyingi. Inakuja na feni moja tu ya nyuma, kwa hiyo ongezeni mbili sakafuni zikivuta hewa ndani. Kadi ikiwa nene sana, chukueni feni nyembamba za milimita 15, la sivyo zitagusana na kadi.

Ya tatu ni Lian Li A3-mATX. Inakuja bila feni hata moja. Bei yake isomeni pamoja na ya feni mtakazonunua.

Kesi za bei ya chini zenye kioo mbele, kwa kadi hii, ziacheni.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Wanaandika rangi za taa na urefu wa kadi inayoingia, lakini pengo la chini hawaliandiki, na ukiuliza unajibiwa "inaingia, dada". Kuingia inaingia. Ombeni picha ya sakafu ya kesi ikiwa tupu, rula imesimamishwa kutoka kwenye kifuniko hadi nafasi ya kwanza ya kadi, na asiyetaka kuituma msimlipe.