Sindano pacha za vitambaa vya kuvutika: ipi ununue ili upindo usitune

Ramadhani iliyopita nilipokea kazi ya blauzi sita za ndani, zile za mikono mirefu ambazo kina dada huvaa chini ya gauni lisilo na mikono. Kitambaa kilikuwa viskosi yenye likra, chepesi hata ukikiweka kiganjani waona kivuli cha vidole. Nilitaka upindo wenye mistari miwili kama wa fulana za dukani, kwa hiyo nikashuka mjini nikaomba sindano pacha. Muuzaji akanipa moja yenye nafasi ya milimita 4. "Hii ndiyo wanayochukua mafundi wote, dada," akaniambia. Nikalipa, nikarudi nyumbani, nikashona zote sita usiku mmoja.

Asubuhi mwenye kazi alikuja kuzichukua. Ni mama mtu mzima, rika la mama yangu. Alipitisha kidole kwenye upindo, akasimama, akapitisha tena. "Mwanangu, humu ndani umetia waya?" Sikuwa nimetia waya. Kati ya mistari ile miwili kitambaa kilikuwa kimeinuka tuta dogo, gumu, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Mikono miwili na chini, mara sita: pindo kumi na nane nilizifumua kwa wembe, na blauzi mbili zikatoboka.

Mwongozo huu nauandika kwa sababu ya zile pindo kumi na nane. Sitaongea habari za kutunga uzi wala rangi ya uzi. Nitaongea juu ya kitu kimoja ambacho muuzaji hakuulizi nawe humuulizi: nafasi kati ya sindano mbili, ukilinganisha na uzito wa kitambaa chako.

Kwanza elewa tuta linatoka wapi. Juu una nyuzi mbili, chini una uzi mmoja tu wa bobini. Uzi huo mmoja hauna budi kushika mistari yote miwili, kwa hiyo kwa kila mshono unavuka kutoka mstari huu kwenda ule, kisha unarudi. Geuza upindo uangalie upande wa ndani: utauona umekwenda zigizaga. Uzi huo ukiwa umekazwa, kila unapovuka unaivuta mistari isogeleane. Kitambaa kilichoko katikati hakina pa kwenda ila juu. Nafasi ikiwa pana na kitambaa chepesi, hakuna kinachopinga huo mvuto. Kitambaa kizito husimama chenyewe, chepesi hukunjika. Ndiyo maana sindano ya 4 inayotoa upindo safi kwenye fulana nzito ya sweta huharibu viskosi.

Baada ya lile balaa nilichukua vipande vya kitambaa kilekile, uzi uleule, cherehani ileile, sikugusa chochote. Kwa sindano ya 4, nilipoweka rula juu ya upindo, mistari haikufika umbali wa milimita 4: ilikuwa imevutana hadi kama 3, na tuta likasimama katikati. Kwa sindano ya 2.5, tuta lilikuwepo lakini ni la kulitafuta kwa kucha. Kisha nikalegeza skrubu ndogo ya kesi ya bobini kwa robo ya mzunguko, nikashona tena. Upindo ukalala.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu, na sifichi ninakopendelea.

Ya kwanza, bila kusita, ni Schmetz ya strechi, 2.5/75. Namba ya kwanza ni nafasi kati ya sindano kwa milimita. Ya pili ni unene wa sindano yenyewe, 75 ikiwa ni milimita 0.75. Ncha yake ni ya mviringo kidogo, inasukuma nyuzi za kitambaa pembeni badala ya kuzitoboa, na umbo lake lahesabu likra inavyonatana na sindano wakati wa kupanda. Kwenye pakiti tafuta maandishi 130/705 H-S. Hiyo S ndiyo unayolipia. Ukikuta 130/705 H peke yake, hiyo ni ya kawaida, hata muuzaji akuapie. Kuna na alama ya haraka: kile kipande cha plastiki kinachounganisha sindano mbili ni cha buluu kwa strechi, chekundu kwa ya kawaida. Kwa blauzi za ndani, kofia za kuvaa chini ya mtandio, nguo za watoto na leggingi nyepesi, nanunua hii tu.

Ya pili ni Schmetz ya strechi, 4.0/75. Ni sindano nzuri kabisa, ila mahali pake ni kitambaa kizito: ile jezi nene isiyoangaza, kitambaa cha sweta, ribu nzito ya shingo. Hapo mistari miwili iliyoachana inapendeza, na kitambaa kina nguvu ya kulala. Ukiilazimisha kwenye chepesi, itakubidi ubandike ukanda wa vilini laini inayovutika ndani ya upindo, upana wa sentimita moja na nusu hivi, kabla ya kushona. Unapobandika usiuvute ukanda, weka pasi na uinue, usiburute. Mimi hufanya hivyo mteja akisisitiza mistari mipana. Lakini ukanda huo waongeza uzito, na kwa joto letu la Mombasa mtu anayevaa nguo mbili hapendi kuongezewa.

Ya tatu ni Organ ya strechi, ya Kijapani, 2.5. Nimeitumia na inashona vizuri. Naiweka ya tatu kwa sababu madukani kwetu naipata kwa kubahatisha, na fundi hawezi kuahidi kazi ya Idi kwa kitu cha kubahatisha.

Ya nne ni pacha ya kawaida ya 2.0. Nafasi ni ndogo, kwa hiyo haitunishi sana. Tatizo lake ni ncha. Kwenye pamba isiyo na likra nyingi inapita salama. Kwenye likra itaruka mishono: utaona milimita kadhaa za uzi zimelala juu ya kitambaa bila kushikwa, na siku mvaaji akivuta mkono kupita kichwani, mstari unafunguka.

Zile pakiti za mchanganyiko zisizo na jina, sindano kumi kwa bei ya moja, nimenunua mara moja. Mbili hazikuwa na urefu sawa. Basi.

Sasa, hata sindano sahihi itatuna ukiipa bobini iliyokazwa. Kagua hivi. Geuza upindo. Zigizaga ikionekana wazi, mvuto uko sawa. Uzi wa chini ukiwa umenyooka kama reli katikati ya mistari, bobini imekaza mno, na hata tuta lisipoonekana, uzi huo utakatika kwenye kiuno au mkononi siku ya kwanza. Kabla ya kugusa skrubu ya kesi, weka alama ya kalamu mahali ilipo, kisha legeza kwa robo robo tu, ukijaribu kwenye kipande. Anayeweza anunue kesi ya pili iwe ya kazi za kuvutika peke yake, asihangaike kurudisha. Mvuto wa juu nao ushushe kidogo, mathalani kutoka 4 hadi 3, na urefu wa mshono uwe milimita 3 au zaidi kidogo. Mshono mfupi hukaza upindo na kuujaza uzi.

Kuna dada aliyeniandikia kwamba amenunua 2.5 ya strechi na bado upindo wake "una mawimbi". Nilimwomba picha. Hakukuwa na tuta. Upindo ulikuwa umepinda kama ukingo wa jani la mgomba likinyauka. Hayo ni maradhi mengine, na sindano haiyaponyi. Tuta huinuka kati ya mistari miwili na kupunguza upana wa upindo. Mawimbi hufuata urefu wake. Yanakuja pale futi ya cherehani inapokikandamiza kitambaa huku meno ya chini yakikisukuma mbele, kitambaa kikavutika, na uzi ukakifunga kikiwa kimevutika. Nilimwambia apunguze uzito wa futi kwa ile skrubu ya juu ya cherehani, aache kuvuta kitambaa kwa nyuma, na upindo uongozwe na vidole tu. Alipomaliza aupige pasi ya mvuke bila kusukuma, auache upoe palepale mezani. Alinirudishia picha ya upindo ulionyooka. Kama cherehani yako haina skrubu ya kupunguza uzito wa futi, ule ukanda wa vilini ndio msaada wako.

Jambo la cherehani lenyewe, kabla hujatoa pesa: sindano hizi zina shina lenye ubavu bapa, za cherehani za nyumbani zinazoshona zigizaga. Cherehani ya kiwandani ya mshono ulionyooka hutumia sindano ya shina la duara, hazitaingia. Na Singer nyeusi ya zamani ya mshono mmoja ina tundu dogo tu la sindano moja, pacha itagonga bamba na kuvunjika usoni mwako. Kwenye cherehani ya zigizaga weka upana wa zigizaga kuwa sifuri, kisha zungusha gurudumu kwa mkono mara mbili kabla hujakanyaga.

Linaloniuma ni pakiti zilizofunguliwa. Nimeingia zaidi ya duka moja hapa mjini nikapewa sindano pacha imechomekwa kwenye kipande cha karatasi, haina ganda, haina herufi, na bei ni ya Schmetz kamili. Nikiuliza kama ni ya strechi, jibu ni "inashona zote". Hakuna sindano inayoshona zote. Na hewa yetu ya chumvi haiachi chuma kilicho wazi, kutu ndogo kwenye ncha hutaiona kwa macho, utaiona likra ikianza kuvutwa nyuzi. Mara nyingine nimelipa shilingi 650 kwa sindano moja, nikasema bora nilipe, ila kwa pesa hiyo nina haki ya kuona ganda lake.

Siku hizi naenda na kipande cha kitambaa cha mteja mfukoni, upana wa kiganja. Naomba ganda, nasoma herufi baada ya 705, natazama rangi ya ile plastiki, kisha nashika kipande changu kwa vidole viwili nikikivuta kwa upana. Kikikunjika chenyewe kati ya vidole, naomba 2.5. Kikisimama, ndipo naomba ile ya 4.