Mfuko mmoja wa simiti unatoa zege lita ngapi? Uzoefu wangu wa mchanganyiko wa majaribio Kisumu

Nasimamia mijengo midogo midogo hapa Kisumu, nyumba za watu binafsi hasa, na swali linaloniletea kelele nyingi kuliko mengine ni hili: slabu hii itakula mifuko mingapi? Safari hii, kwenye nyumba moja upande wa Mamboleo, niliamua kutobahatisha. Nilipima vifaa kwa uzito, nikachanganya zege kidogo, nikatafuta imetoka kiasi gani. Haya ndiyo maoni yangu kuhusu njia hiyo, mazuri yake na kero zake.

Slabu ya chini ilikuwa mita 10 kwa mita 8, unene sentimita 10. Hiyo ni mita za ujazo 8 kamili. Mchanganyiko ni ule wa kawaida wa moja kwa mbili kwa nne: simiti moja, mchanga mbili, balasti nne, kwa kisanduku cha lita 35 ambacho hujazwa na mfuko mmoja wa kilo 50. Fundi alipiga hesabu yake papo hapo.

"Mama, moja na mbili na nne ni saba. Saba mara lita 35 ni lita 245 kwa kila mfuko. Mifuko 33 inatosha, na tunabaki na ya kupiga plasta."

Hesabu hiyo nimeisikia kwa mafundi wengi, na ukiitazama haina kosa la kujumlisha. Kasoro yake ni kwamba vitu hivi vikichanganywa havikai kila kimoja mahali pake. Mchanga unaingia katikati ya balasti, simiti inaingia katikati ya mchanga, na maji yanachukua nafasi zilizokuwa na hewa. Kisanduku cha balasti ukikiona kimejaa, karibu nusu yake ni hewa tupu. Kwa hiyo lita 245 za vitu vikavu haziwezi kuwa lita 245 za zege. Zitakuwa ngapi basi? Hapo ndipo majaribio yanapoingia.

Kitu cha kwanza kilikuwa chombo. Ndoo ya plastiki ya rangi niliikataa, kwa sababu ukiijaza zege inafura tumbo, na ujazo uliopima kwa maji si ule tena. Nilienda Kibuye kwa mchomeleaji wa jua kali akanitengenezea kopo la chuma, upana wa ndani sentimita 30 na kimo sentimita 30. Tupu lina kilo 8.4. Nililijaza maji pomoni, nikateleza kipande cha kioo juu ya mdomo ili pasibaki kiputo cha hewa, nikapangusa nje, nikapima tena: kilo 29.6. Kwa hiyo linabeba lita 21.2. Usiamini rula peke yake, maana kopo la kuchomelewa huwa na mdomo uliopinda kidogo na weldi iliyovimba ndani.

Mizani niliazima kwa mwenye kinu cha posho, ile ya jukwaa inayopima magunia ya mahindi. Kwa mizigo mikubwa inafaa kabisa. Kwa maji kidogo ya kuchanganyia haifai, hayo niliyapima kwa jagi lenye alama.

Kisha nikapima kisanduku kimoja cha mchanga na kimoja cha balasti kama vilivyo pale kwenye lundo. Mchanga, ambao ulitoka Nyakach na ulikuwa na unyevu kidogo, ulikuwa kilo 49. Balasti kilo 50. Kwa hiyo mfuko mmoja wa simiti unaenda na kilo 98 za mchanga na kilo 200 za balasti. Sikutaka kuchanganya mfuko mzima, nikachukua sehemu moja ya tano: simiti kilo 10, mchanga kilo 19.6, balasti kilo 40. Maji niliweka tayari lita 7 nikawa namwaga kidogo kidogo mpaka zege ikawa laini kama fundi anavyoipenda kwa slabu, halafu nikapima yaliyobaki. Yalibaki lita 1.4, kumaanisha zimeingia lita 5.6, yaani kilo 5.6. Jumla ya kila kitu: kilo 75.2.

Tulichanganyia juu ya bati lililoloweshwa kwanza. Ukichanganyia kwenye sakafu kavu au juu ya udongo, inakunywa maji yako na hesabu inaharibika kabla hujaanza.

Kujaza kopo ndiko kunakotaka subira. Unaweka zege kwa tabaka tatu, na kila tabaka unalichoma kwa nondo laini ya milimita 16 yenye ncha ya mviringo. Kiwango cha ASTM C138, ambacho ndicho nilichofuata, kinataka kuchoma mara 25 kwa vyombo vya hadi lita 14, na mara 50 kwa chombo cha ukubwa kama wangu. Nondo ishuke kwenye tabaka la chini kidogo tu, isigonge chuma. Baada ya kila tabaka unagonga kuta za kopo kwa nyundo ya mpira mara 10 hadi 15, mashimo ya nondo yajifunge na mapovu makubwa yatoke. Mwisho unalisawazisha kwa bamba bapa la chuma, ukilisukuma kama unayekata kwa msumeno.

Hapo kwenye kusawazisha nilikaa sana. Mdomo wa sentimita 30 ni mpana, na zege ikibaki juu kwa milimita 3 tu, umeongeza karibu nusu kilo. Hiyo ni asilimia moja nzima, na kwenye slabu yangu asilimia moja ni nusu mfuko wa simiti. Mwanzoni kijana wa mkono alisawazisha kwa mwiko, ikabaki kichuguu katikati ambacho huwezi kukiona ukisimama wima. Nilichuchumaa macho yakiwa sawa na ukingo, ndipo nikakiona. Tukarudia kwa bamba.

Kopo likiwa limejaa na kupanguswa lilikuwa kilo 57.6. Ondoa kilo 8.4 za kopo, zege ni kilo 49.2. Gawanya kwa lita 21.2, unapata kilo 2.321 kwa lita, au kilo 2,321 kwa mita ya ujazo. Sasa chukua uzito wa vitu vyote ulivyochanganya, kilo 75.2, ugawanye kwa 2.321. Jibu ni lita 32.4. Zidisha kwa tano, mfuko mzima unatoa lita 162 za zege.

Lita 162, si 245. Mita moja ya ujazo inataka mifuko 6.2, na slabu ya mita za ujazo 8 inataka mifuko 50. Ile mifuko 33 ingeisha tukiwa tumefika theluthi mbili ya nyumba, jioni, na hadwea imefungwa.

Kinachonifurahisha kwenye njia hii ni kwamba hulazimiki kuikusanya zege yote. Iliyoganda kwenye sepetu na kwenye bati haikusumbui, kwa sababu unachotafuta ni uzito wa lita moja, na uzito huo ni uleule koponi na penye sepetu, mradi zege imechanganyika sawasawa. Kuna wanaomimina zege yote kwenye sanduku na kupima kimo chake. Hao kila tone linalobaki nje wanalipoteza kwenye hesabu.

Fundi hakushawishika na kugawanya kwangu, kwa hiyo nilimwonyesha kwa njia nyingine. Ukiondoa hewa, simiti ya mfuko mmoja ni lita 16 tu za kitu kigumu. Mchanga ni lita 36, balasti 75, na maji, pamoja na yale yaliyokuwa ndani ya mchanga, lita 32. Jumla ni 159. Ongeza lita 3 za hewa ndogondogo inayobaki hata baada ya kuchoma, unafika 162. Hapo alinyamaza akaanza kuhesabu upya kwa vidole.

Hesabu hiyo ya pili pia ndiyo polisi wa ile ya kwanza. Kama kopo lingenipa zege nzito kuliko kilo 2,360 kwa mita ya ujazo, ningejua kuna kosa, kwa sababu hiyo ni zege isiyo na hewa hata chembe. Na kama ingekuwa chini ya 2,250 hivi kwa balasti hii, ningeshuku kwamba haikushindiliwa vizuri. Zege kavu ni hatari hasa hapa: inaacha mashimo koponi, uzito unashuka, na hesabu inakudanganya kwamba mfuko unatoa zege nyingi.

Mvua iliponyesha nilirudia, maana mchanga ulikuwa umelowa. Kisanduku kilekile cha mchanga kilishuka hadi kilo 45. Wengi wangetarajia kiwe kizito zaidi, lakini mchanga wenye unyevu unafura, chembe zinasukumana, na kisanduku kinabeba mchanga kidogo kuliko kinavyoonekana. Mavuno yalishuka mpaka lita 158 kwa mfuko. Kwa idadi ya mifuko ni tofauti ya mmoja tu, sikuikosea usingizi. Kilichonisumbua ni kwamba zege ilikuwa na balasti nyingi kuliko mchanga wa kuifunika, na ukiipiga mwiko inakwaruza. Siku hizo naongeza mchanga kidogo mpaka uzito ulingane na ule wa kwanza.

Siku ya kumwaga tulitumia mifuko 53. Je, majaribio yalikosea? Mifuko 53 kwa lita 162 ni mita za ujazo 8.6, na kwenye eneo la mita za mraba 80 hiyo ni unene wa milimita 107 badala ya 100. Hadkoo haikuwa imesawazishwa vizuri kwenye kona mbili, na zege ilizama humo. Majaribio yanakuambia zege inayotoka kwenye mfuko, hayakuambii inayomezwa na ardhi. Mimi huongeza asilimia 5 hadi 10 juu ya jibu.

Kero zake? Mizani ya kuazima, kopo la kutengeneza, na asubuhi nzima kupotea mafundi wakikutazama kama mtu anayepika uji kwa thamometa. Na uimara wa zege haukupimwa hata kidogo, hiyo ni kazi ya vipande vya kuvunjwa maabara baada ya siku 28. Kwa kibaraza au njia ya miguu singejisumbua: kanuni ya mezani ya kuzidisha ujazo wa zege kwa 1.54 kupata vitu vikavu, kisha kugawanya kwa saba na kwa lita 35, inatoa mifuko 6.3 kwa mita ya ujazo, na hiyo inatosha. Ila kwa slabu nzima, au ukibadilisha balasti au chanzo cha mchanga, nitalitoa kopo langu tena.