Enkoda ya mota ya gimbali: ipi ununue, ipi uache

Anayejenga gimbali ya kamera kwa mota zisizo na brashi huhangaika sana kuchagua mota, kisha enkoda anainunua kwa kuangalia idadi ya biti tu. Mimi ningeanza na swali lingine: kasi unayoitumia kutuliza kamera itatoka wapi? Jibu la hapo ndilo linaloamua ni enkoda ipi inakufaa, na linaweza kukuokolea pesa.

Katika FOC, njia ya kuendesha mota kwa kufuata pembe ya rota, kidhibiti kinahitaji kujua rota imeelekea wapi ili mkondo uingie kwenye koili kwa pembe inayozaa nguvu ya kuzungusha badala ya joto tupu. Kazi hiyo haihitaji usahihi mkubwa. Enkoda ya biti 12 inagawa mzunguko mara 4096, yaani hatua moja ni digrii 0.088. Kwenye mota yenye jozi 11 za ncha, hatua hiyo inakuwa karibu digrii 1 ya umeme, na kosa la digrii 1 halipunguzi nguvu kwa kiasi unachoweza kukihisi.

Shida inaanza pale enkoda hiyohiyo inapotumiwa kupima kasi. Kitanzi cha udhibiti kikizunguka kila milisekunde 1, hatua moja ya biti 12 inasomeka kama radiani 1.53 kwa sekunde, hata kama mota imesogea kidogo tu. Tuseme kizidisho chako cha kasi, Kd, ni 1.2. Hatua hiyo moja inarusha volti 1.8 kwenye mota, kisha zinatoweka kwenye mzunguko unaofuata. Hapo ndipo unaposikia mota ikikwaruza na kuona picha ikitetemeka kwa mtikisiko mwembamba. Enkoda ya biti 14 inapunguza mruko huo hadi karibu volti 0.46. Ni nafuu, ila bado unausikia.

Sasa chukua kasi kutoka kwenye jairo iliyo upande wa kamera. Hata MPU-6050, chipu ya zamani, ina kelele ya takriban digrii 0.05 kwa sekunde ikichujwa vizuri. Hiyo ni radiani 0.0009 kwa sekunde, na kwa Kd ileile ni kama volti 0.001. Isitoshe, jairo inapima kitu unachokitaka hasa, yaani mwendo wa kamera yenyewe, wakati enkoda inapima mwendo wa kamera ukilinganisha na mkono wa gimbali. Kwa hiyo ninapopanga chaguo hizi nachukulia kwamba jairo ndiyo inayotuliza, na enkoda inabaki na kazi mbili: kuelekeza mkondo, na kutoa pembe ya kiungo ili gimbali imfuate anayeishika.

Ya kwanza: mota iliyofungwa AS5048A kiwandani. Ni ya biti 14 na inasomwa kwa SPI, hivyo mihimili mitatu inashiriki waya zilezile na kila mmoja unapewa waya wake wa CS. Lakini sababu kubwa ya kuiweka juu ni kwamba sumaku inayosomwa na enkoda tayari imekaa katikati ya mhimili. Ukiifunga mwenyewe, kupotoka kidogo tu kunatosha kuharibu. Kosa la digrii 1.8 kila upande linafanya tofauti ya digrii 3.6 kati ya pande mbili za mzunguko. Zidisha kwa jozi 11, unapata karibu digrii 40 za umeme. Ukilinganisha sifuri upande mmoja, upande wa pili unapoteza zaidi ya asilimia 20 ya nguvu, na marekebisho yaliyokuwa mazuri kamera ikitazama mbele yanalegea ikigeuzwa.

Ya pili: MT6701. Nayo ni ya biti 14, na mara nyingi bei yake ni ya chini. Kabla ya kulipa, kagua bodi yenyewe: nyingine zimetoa pini za I2C tu, nawe unataka DO, CLK na CSN ili uisome kwa SSI. Utafunga sumaku mwenyewe, kwa hiyo nunua ile iliyosumakishwa kwa kipenyo, yaani ncha mbili ziko ubavuni. Sumaku ya kawaida yenye ncha juu na chini haitakupa pembe yoyote ya maana.

Ya tatu: AS5600. Biti zake 12 zinatosha kwa kazi hizi mbili. Kinachoishusha ni anwani: zote ni `0x36` na haibadiliki, kwa hiyo mihimili mitatu inadai chipu ya kugawa njia kama TCA9548A, au njia tatu za I2C. Kwa mhimili mmoja wa kujifunzia, inunue bila wasiwasi.

Ya mwisho: bila enkoda. Bodi za namna hii zinasukuma mkondo mkubwa muda wote ili rota isiteleze. Mota inapata moto hata kamera ikiwa imetulia, na ukiigonga kwa nguvu inaruka ncha nzima. Mimi singeinunua leo.

Mzigo ukifika, jaribu kwanza sumaku. Zungusha mota polepole bila kutumia enkoda, mzunguko mmoja wa umeme kwa wakati, na uandike enkoda imesogea kiasi gani. Kwa jozi 11 kila hatua inapaswa kuwa karibu digrii 32.7. Hatua zikipanda na kushuka kama wimbi, na zikapishana na hapo kwa digrii 1, sumaku imekaa pembeni. Zikilingana zote lakini zote ziwe mbali na 32.7, umekosea idadi ya jozi. SimpleFOC, maktaba ya kuendeshea mota, nayo itaandika `PP check: fail`.

Kisha sawazisha kamera mota ikiwa haina umeme, mpaka ikae popote unapoiacha. Pima ukinzani kati ya waya mbili za mota. Tuseme ni omu 10. Kila fezi ni 5, na kikomo cha volti 3 kinatoa ampea 0.6 na joto la takriban wati 2.7. Anzia hapo.

```cpp
motor.voltage_limit = 3;
motor.controller = MotionControlType::torque;
motor.torque_controller = TorqueControlType::voltage;
// ndani ya loop(), baada ya motor.loopFOC():
motor.move(Kp * kosa - Kd * kasi_jairo);
```

Weka Kp, kizidisho cha kosa la pembe, iwe 0 na upandishe Kd taratibu huku umegusa fremu kwa kidole. Kamera itaanza kuhisi nzito, kama imezama kwenye asali. Mvumo mwembamba ukianza, tuseme kwenye 2.0, rudi hadi 1.2. Sasa pandisha Kp: 10, 20, 30. Isukume kamera kidogo kisha uiachie. Ikirudi na kupitiliza mara mbili kwenye 40, shuka hadi 28. Hapo kosa la digrii 1, yaani radiani 0.017, linaita karibu volti 0.5, na kikomo cha volti 3 kinafikiwa kosa likiwa digrii 6 hivi.

Mvumo ukianza mapema mno, Kd ikiwa bado haijafika 0.5, usikimbilie kubadilisha enkoda. Shika mkono wa gimbali kwa nguvu karibu na mota. Mvumo ukibadilika sauti au kukatika, fremu ndiyo inayopinda au skrubu imelegea, na hakuna enkoda itakayolitibu hilo.